Mtandao unaandika `Delivered`, mteja hajaona mzigo: namna ya kumjibu

Meseji iliingia saa 2 usiku, Jumatatu ya mwezi wa saba, nimeshajifunika blanketi. "Dada habari. Mzigo mbona sijapata? Nimeingiza ile namba uliyonipa inaandika Delivered."

Mteja yuko Njombe mjini. Mimi niko Mbeya, nauza majaketi na masweta ya watoto kwa WhatsApp na Instagram, stoo yangu iko Mwanjelwa. Alikuwa ameagiza majaketi mawili ya Sh 64,000, akaongeza Sh 5,000 ya kusafirishia, vyote akalipa kwa simu siku mbili kabla. Mzigo niliukabidhi mwenyewe ofisi ya mizigo asubuhi ileile, ukapanda basi la saa 1. Nilipofungua mtandao wa msafirishaji nikakuta alichokikuta yeye:

```
Status: Delivered
Time: 10:20
```

Nitaufuata mzigo huu hadi mwisho wake, maana karibu kila kosa ninalolijua katika kumjibu mteja wa namna hii lilipita karibu nami wiki ile, na mawili kati yake niliwahi kuyafanya miaka ya nyuma nikapoteza wateja.

Kabla ya kujibu, soma kilichoandikwa

Dakika tano zinatosha. Neno `Delivered` lisome hivi: kuna mtu amebonyeza kitufe. Halisemi ni mtu gani, wala halisemi mzigo uko mikononi mwa nani. Anayebonyeza anaweza kuwa boda aliyebakiza vifurushi vinne kwenye mkoba, akaamua kuifunga orodha yake ya siku ili kesho asiulizwe. Anaweza kuwa karani wa ofisi ya mwisho, ambaye basi likishashusha anaweka alama kwenye orodha yote kwa mkupuo, ya waliofika na ya wasiofika. Anaweza pia kuwa wakala wa katikati ya safari, aliyepokea mzigo ili aupandishe gari lingine. Mifumo mingi ya wasafirishaji wadogo haina vitufe vya kutosha kutofautisha watu hawa watatu, kwa hiyo wote wanaishia kwenye neno moja.

Kitu cha kwanza kukitazama ni saa. Simu huonyesha 10:20, yaani saa 4 na dakika 20 asubuhi. Nimeona wauzaji wakisoma saa kumi jioni, wakaanza kumuuliza mteja alikuwa wapi jioni, wakati mzigo umeandikwa asubuhi. Ukishaigeuza saa, ipime na barabara. Basi langu lilitoka Mbeya saa 1. Kwenda Njombe unashika barabara kuu hadi Makambako, kisha unakata kulia. Mabasi yetu yana kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na kuna kushusha na kupakia Uyole, Igurusi, Chimala na kwingineko. Kwa saa 3 na dakika 20 basi linaweza kuwa Makambako. Njombe haliwezi kuwa limefika, achilia mbali mtu kuupokea mzigo, kusaini na kuondoka nao.

Kwa hiyo kabla sijamjibu dada yule nilishajua jambo moja: lile neno halikuwa lake. Sikujua mzigo uko wapi, lakini nilijua kwamba hanidanganyi, na hilo hubadilisha sauti ya meseji nzima.

Si kila mara saa itakusaidia. Mzigo wa ndani ya mji, kutoka Kabwe kwenda Forest kwa boda, unaweza kufika saa yoyote. Hapo tazama kama kuna jina la aliyepokea, sahihi au picha. Pakiwa patupu, andika pembeni kwamba hakuna uthibitisho wa makabidhiano. Upungufu huo ni wa msafirishaji, na utauhitaji baadaye.

Jibu la kwanza

Mjibu usiku uleule, hata kama huna habari yoyote. Mtu aliyekulipa kabla, kisha akaona mtandao unadai amepokea, tayari ana picha moja kichwani: nimeshatapeliwa. Tiki mbili za bluu bila neno zinaikamilisha picha hiyo.

Kuna majibu matatu ambayo ulimi huyakimbilia. La kwanza ni "Huku kwetu inaonyesha umepokea". Ni kweli tupu, na ndilo linalochoma kuliko yote, kwa sababu mteja ndiye aliyekuambia mtandao unaandika hivyo. Unamrudishia maneno yake kama ushahidi dhidi yake. La pili ni "Wasiliana na ofisi ya mizigo, namba hii hapa". Karani hatamsikiliza, maana stakabadhi iko kwako na mkataba wa kusafirisha ni wako. La tatu ni la watu wenye huruma: "Usijali dada, nitakurudishia hela yako". Mwaka mmojawapo nililiandika hilo saa 3 usiku, nikarudisha Sh 38,000, kesho yake mzigo ukapatikana kwa mlinzi wa ofisi anakofanya kazi mteja. Kuidai ile hela tena kulikuwa kama kumdai mjomba.

Hili ndilo nililomwandikia dada wa Njombe:

"Dada, pole sana kwa usumbufu. Nimeangalia mtandao, ni kweli unaandika umepokelewa leo saa 4:20 asubuhi, lakini basi lilitoka Mbeya saa 1, kwa saa hiyo lisingeweza kuwa Njombe. Kwa hiyo kuna aliyeandika kabla mzigo haujafika kwako. Niliyeutuma ni mimi, kuutafuta ni kazi yangu. Kesho asubuhi nitakuwa ofisi ya mizigo wakifungua tu, na kabla ya saa 6 mchana nitakuandikia nilichopata, hata kama ni kidogo. Naomba unisaidie mawili. Leo kuna namba ngeni yoyote iliyokupigia? Na kuna mtu nyumbani au kazini anayeweza kuwa amepokea kwa niaba yako?"

Tazama kilichomo. Nimekiri alichokiona, kisha nikampa sababu ya kumwamini ambayo anaweza kuipima mwenyewe. Nimebeba kazi ya kutafuta bila kusema mzigo umepotea, maana silijui hilo. Nimetaja saa, na saa hiyo nimeifunga kwenye kuandika, kitu nilicho na uwezo nacho. Kupatikana kwa mzigo sina uwezo nako. Fedha sijazigusa. Akiziulizia mwenyewe, jibu ni fupi: "Mzigo usipopatikana hadi Alhamisi jioni nitakurudishia yote 69,000 kwa namba ileile uliyolipia, au nikutumie mengine, utachagua wewe." Siku tatu zinatosha kwa mzigo wa basi wa kanda hii. Wa kutoka Mbeya kwenda Mwanza ningeupa wiki.

Kama huna jambo kama lile la saa, ondoa sentensi hiyo uweke: "wewe ndiye unayejua kama umeushika au hujaushika, na umeniambia hujaushika." Inafanya kazi ileile.

Andika kwa maandishi, usitume sauti. Jibu hili unaweza kulihitaji mbele ya meneja wa ofisi ya mizigo au mtu mwingine wa kuamua, na hakuna anayekaa kusikiliza sauti ya dakika mbili yenye mlio wa bajaji nyuma. Na salamu ziwe chache. Wateja wangu wa Iringa na Njombe huwa nawaanza kwa "Kamwene", nao hufurahi, lakini si siku ambayo mtu anadhani umemwibia.

Maswali kwa mteja, na utaratibu wake

Maswali mawili kwanza, mengine baadaye. Ukimmiminia saba kwa mpigo anaona ni mahojiano ya polisi. Lile la namba ngeni ndilo lenye faida zaidi: boda au wakala karibu kila mara hupiga simu kabla ya kukabidhi, kwa hiyo namba iliyopiga ndiyo mlango wa kumpata. Kama mteja hakupigiwa kabisa, basi ama hakuna aliyejaribu, ama aliyejaribu alipiga namba isiyo yake.

Dada alijibu kwamba hakuna aliyempigia. Anafundisha shule, simu ilikuwa mkononi siku nzima, na nyumbani yuko na mama yake ambaye hakupokea kitu. Nikamuuliza la tatu: "Niandikie tena namba yako, uiandike mwenyewe, usiitume kama kontakti." Nikailinganisha na picha ya kifurushi niliyoipiga kabla ya kukikabidhi. Ilikuwa sawa, isipokuwa tarakimu ya mwisho, 3, niliyoiandika kwa kalamu ya wino, na kwenye picha ilikuwa imeanza kutandaa kwenye karatasi ya kaki. Ukiitazama haraka unaona 8. Nikaiandika kwenye kijitabu nikalala.

Kuna swali jingine ambalo halikuhitajika hapa lakini ni la lazima kwa wasafirishaji wanaotuma namba ya siri kwa SMS: "Kuna mtu aliyekuomba namba iliyokuja kwenye meseji?" Wapo wanaopigia wapokeaji, wakaomba ile namba "ili tuuachie mzigo", kisha mzigo ukaandikwa umepokelewa. Mteja akisema alimpa mtu, usimgombeze. Mwombe namba ya aliyepiga na saa ya simu ile, uipeleke ofisini pamoja na stakabadhi.

Ofisini: usiulize mzigo uko wapi

Ukiuliza "mzigo wangu uko wapi?", karani atageuza kompyuta akusomee neno lilelile, halafu atamwita mtu wa nyuma yako. Uliza maswali ambayo neno `Delivered` haliwezi kuyajibu. Nani ametia sahihi? Kwa jina gani, kwa namba gani ya simu? Aliyebonyeza yuko kituo gani? Daftari la makabidhiano la kituo hicho anashika nani, na simu yake ni ipi?

Nilifika saa 1 na robo na stakabadhi, picha ya kifurushi na skrinshoti ya mtandao. Karani wa zamu alikuwa kijana mpole. Alikuna kichwa, akasema neno ambalo lilinipa nusu ya jibu: "Mama, basi lile ni la Dar. Mizigo ya Njombe tunashushia Makambako."

Wasomaji wa huku wanaijua Makambako: ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Iringa na Dar. Mzigo wa Njombe uliopanda basi la Dar lazima ushuke pale, ukabidhiwe gari jingine. Kwa msafirishaji wangu, mkataba wake na mzigo uliishia pale. Mtu wa gari la pili aliposaini daftari, karani wa Makambako akabonyeza. Kwake alikuwa sahihi: amekabidhi. Hakumkabidhi mteja wangu, lakini amekabidhi. Ukiwa na mteja Njombe, Ludewa au Songea, hili ndilo la kulishuku kwanza. Na kwa mizigo inayotoka Mbeya kwenda Mpanda au Sumbawanga, Tunduma inaweza kufanya mchezo uleule.

Karani alimpigia mwenzake wa Makambako, akaniachia simu. Usiende na ghadhabu kwenye simu hiyo, maana mtu huyu ndiye pekee anayeweza kunyanyuka akafungua daftari. Nilimwambia: "Kaka, shikamoo ya kazi. Jana saa 4 na dakika 20 kuna kifurushi cha kaki kimetoka kwenu kwenda Njombe, namba yake ninayo hapa. Naomba unisomee tu aliyesaini ni nani." Akasoma. Ni wakala wa magari madogo yanayokwenda Njombe. Akanipa na namba yake.

Wakala alipokea simu ya tatu. Mzigo anao. Alimpigia mwenye mzigo jana ili amwambie gari litakalokuja nao, mtu aliyepokea akasema hajaagiza kitu, hivyo akauweka stoo akisubiri mwenyewe ajitokeze. Namba aliyopiga iliishia na 8.

Ilikuwa saa 4 kasoro asubuhi. Ofisini nilikaa saa mbili na nusu, na muda mwingi ulikuwa wa kusubiri kijana amalize kupakia viroba vya viazi.

Njiani kurudi dukani kuna kishawishi ambacho nitakitaja kwa sababu nimeona wenzangu wakikifuata: kumtumia mteja picha ya daftari la makabidhiano ili kumthibitishia. Ukurasa ule una majina na namba za simu za watu wengine kumi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, hao watu hawakukukubalia. Funika mistari mingine, au mwandikie tu ulichokisoma.

Jibu la pili, kwa saa uliyoahidi

Niliahidi kabla ya saa 6. Niliandika saa 4 na nusu:

"Dada, mzigo umepatikana. Uko Makambako kwa wakala wa magari ya Njombe. Ulihamishwa gari pale, ndiyo maana mtandao ukaandika umepokelewa. Alijaribu kukupigia lakini tarakimu ya mwisho ya namba yako aliisoma 8 badala ya 3. Kosa ni la mwandiko wangu. Nimempa namba sahihi na nimelipa gari. Unapanda kesho asubuhi. Ukiupokea, fungua palepale uhesabu majaketi mawili, kisha uniandikie."

Kosa langu nimelitaja kwa sentensi moja, nikaendelea. Kuomba msamaha mara nne katika meseji moja kunamfanya mteja akufariji wewe, na hiyo si kazi yake. Sikumwambia pia kwamba karani alizembea. Mteja hana mkataba na karani; akisikia unamlaumu mtu mwingine, anasikia unajitoa.

Na kama saa 6 ingefika sijapata kitu? Ningeandika vilevile: "Dada, kama nilivyoahidi. Nimejua mzigo ulishushwa Makambako na kukabidhiwa mtu mwingine jana. Mtu huyo hapatikani kwa simu bado. Narudi kwako leo saa 12 jioni." Siku ya kwanza andika mara mbili, siku zinazofuata mara moja kwa siku. Mteja anayeandikiwa kabla hajauliza huwa haulizi kwa hasira.

Mzigo usipopatikana

Hapa kuna ubishi mkubwa kati ya wauzaji. Wapo wanaosema "nikishaufikisha stendi, kazi yangu imekwisha". Hawajalizua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaanza na dhana kwamba muuzaji anayepaswa kumtumia mnunuzi bidhaa akishaikabidhi kwa msafirishaji, ni kama amemkabidhi mnunuzi. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji afanye mkataba wa maana na huyo msafirishaji, kulingana na aina ya bidhaa na mazingira. Asipofanya hivyo mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa. Na makubaliano yenu yanaweza kuwa tofauti: ukiandika kwenye tangazo "tunakufikishia mlangoni", umejibebesha safari yote hadi mlangoni.

Mimi nimejiwekea mpaka rahisi. Kama msafirishaji nimemchagua mimi, hasara ni yangu kwa mteja, kisha mimi namdai msafirishaji. Kama mteja ndiye aliyesema "mpe konda wa gari fulani, ananijua", nikampa na nikampigia picha, hasara si yangu, ingawa kumsaidia kutafuta nitamsaidia. Mpaka huu humwambia mteja kabla ya kutuma, si baada ya mzigo kupotea.

Siku uliyotaja ikifika bila mzigo, rudisha fedha bila kusubiri ofisi ya mizigo ikulipe. Rudisha kwa namba ileile iliyolipia, hata mteja akikuomba umtumie kwa namba ya mdogo wake. Fedha ikienda kwa namba nyingine, kesho mwenye namba ya kwanza anaweza kudai hajarudishiwa, na muamala wako hautakutetea. Mwombe pia aandike meseji moja yenye namba ya mzigo, tarehe, na maneno kwamba hakuupokea wala hakumtuma mtu kuupokea. Meseji hiyo ni kiambatisho cha madai yako.

Madai kwa msafirishaji yapelekwe kwa barua, ubakize nakala yenye muhuri wao wa kupokea. Weka stakabadhi, picha ya kifurushi, uthibitisho wa bei kutoka kwenye muamala wa simu, na ile meseji. Ofisi nyingine zitataka RB ya polisi. Kisha geuza stakabadhi usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi pana kiwango cha juu cha fidia kwa mzigo ambao thamani yake haikutajwa wakati wa kutuma. Ndiyo maana karani akiuliza "ndani kuna nini?", usijibu "nguo tu". Sema majaketi mawili, 64,000, aandike. Wakikukalia kimya, huduma za posta na vifurushi ziko chini ya TCRA, na malalamiko hupelekwa huko baada ya kuanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Ile nakala yenye muhuri ndiyo inayoonyesha kwamba ulianzia huko.

Ukiona kama mteja anadanganya

Inatokea, ila mara chache kuliko tunavyoambiana vibarazani. Dalili si ukali wa meseji. Watu walioibiwa kweli ndio wakali. Dalili ni kwamba hataki utafute. Anataka hela leo, kwa namba nyingine, na ukimuuliza nani alikuwa nyumbani anakasirikia swali badala ya kulijibu. Ukiwa na jina na sahihi ya kwake kwenye daftari, bado usiandike "umesaini wewe". Njombe na Makete ukiita "Sanga" stendi watageuka kumi, na Kyela na Tukuyu yapo majina ya namna hiyo pia. Andika hivi: "Daftari linaonyesha mzigo ulichukuliwa Jumanne saa 9 alasiri na mtu mwenye jina kama lako, kwa namba inayoishia na 41. Namba hiyo unaifahamu?" Kama ni mdogo wake aliyepitia mzigo akasahau kumwambia, umempa njia ya kutoka bila aibu. Kama ni yeye, mara nyingi hapo ndipo meseji zinapokoma.

Majaketi yalifika Njombe Jumatano saa 5 asubuhi. Dada alinitumia picha ya watoto wawili wameyavaa, mmoja zipu imefungwa hadi puani, na chini yake: "Yamewatosha, ila mkubwa anataka la bluu." Gari la pili lilinigharimu Sh 3,000. Siku hiyohiyo nilinunua kalamu ya maka isiyotandaa. Sasa namba ya simu naiandika mara mbili kwenye kila kifurushi, mara moja kwa tarakimu na mara moja kwa maneno: sifuri, saba, tano, hadi mwisho. Makarani wananicheka. Mizigo ya Njombe naipandisha gari la Songea, hata kama linaondoka saa mbili baadaye.